Ombi la mchango wa mazishi: hesabu kwanza, maneno baadaye

Mara nyingi ombi la mchango wa mazishi huandikwa usiku uleule wa msiba, na mtu aliyechoka kwa kulia huku simu ikiita kila dakika. Huandika "bili ya hospitali ni kubwa, tafadhali tusaidieni", akaweka picha na nambari ya simu, akatuma kwenye makundi yote aliyo nayo. Siku ya kwanza wanaompenda marehemu hutuma walicho nacho bila kuuliza. Kufikia siku ya tatu maswali yanaanza, tena hayaulizwi mbele ya familia bali pembeni: bili yenyewe ni ngapi? Zimefika ngapi? Huyo mwenye nambari ni nani wa marehemu?

Wanaouliza hivyo hawana roho mbaya. Mtu anayeishi Nakuru, Kisumu au Kakamega huwa na makundi matatu manne ya matanga kwenye simu yake kwa wakati mmoja, na kila kundi linataka kitu. Anapotoa mia mbili kwako, kuna mahali pengine ameacha kutoa. Ana haki ya kujua mia mbili yake imelipa nini, na familia ina haki ya kumzika mtu wao bila minong'ono.

Nitafuata familia moja ya mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Baba amefariki katika hospitali ya umma mjini Nakuru, alikoishi na kufanya kazi. Nyumbani kwao ni Malava, Kaunti ya Kakamega, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini, na huko ndiko atakakozikwa. Tarakimu ni za mfano. Weka zako kutoka kwenye karatasi ulizopewa.

Kabla ya kuandika neno lolote

Tafuta kwanza idhini. Mjane, au watoto wakubwa kama hakuna mjane, wakubali kwamba ombi litatoka, litasema nini, na litatumia picha gani. Kisha wazee wa nyumbani wapigiwe simu. Jambo hili watu wa mjini hulipita haraka, halafu linawarudia: unatangaza Jumamosi, kumbe kanisa la nyumbani lina mazishi mengine Jumamosi hiyo, au marehemu alikuwa Msabato na Wasabato kwa kawaida hawaziki siku ya Sabato. Tarehe ikibadilika baada ya tangazo, watu walioomba ruhusa kazini wanakasirika, na wengine wanaanza kudhani kuna mvutano katika familia.

Mvutano ukiwepo kweli, kwa mfano marehemu alikuwa na nyumba mbili, au wakwe wanadai jambo fulani, umalizeni kabla ya ombi kutoka. Hakuna kinachoua mchango kama maombi mawili ya marehemu mmoja yenye nambari mbili tofauti. Mtoaji hawezi kujua lipi ni la kweli, kwa hiyo hatoi popote. Ikiwa nyumba mbili hazijapatana juu ya mambo mengine yote, angalau zipatane juu ya nambari moja na watu watatu wa kuisimamia, nyumba ya kwanza ikitoa mmoja, ya pili mmoja, na wa tatu awe mtu wa nje ya nyumba zote mbili, kama mzee wa kanisa au jirani anayeheshimika.

Watu hao watatu wana kazi tofauti. Mweka hazina hushika laini na kulipa. Katibu huandika, hutuma taarifa na kutunza risiti. Wa tatu ni msemaji, ambaye watu humpigia wakiwa na swali. Mweka hazina asiwe mjane wala mtoto aliyelemewa na majonzi. Hatakuwa na nguvu ya kujibu simu sitini kwa siku. Pia asiwe yule anayejulikana kuwa na madeni mengi, hata kama ni mwaminifu. Sababu nitaieleza tukifika kwenye laini.

Kutafuta tarakimu

Nenda hospitalini na kitambulisho cha marehemu uombe invoisi ya kufikia siku ile. Usikubali kuambiwa jumla kwa mdomo. Kwenye invoisi angalia mambo mawili. La kwanza ni kama marehemu alikuwa amesajiliwa na SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na kama sehemu inayolipwa na SHA imeshatolewa. Ukitangaza jumla kabla haijatolewa, baadaye bili itashuka na utaonekana ulikuwa umeongeza. La pili ni msamaha. Hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii inayosikiliza familia zisizoweza kulipa bili yote, na mara nyingi hutaka barua ya chifu. Ombi hilo lipeleke siku ya kwanza, maana jibu linaweza kuchukua siku kadhaa.

Mochari hutoza kwa siku, kwa hiyo gharama yake inategemea tarehe ya mazishi. Kila wiki mnayosogeza mbele ili jamaa fulani awahi inaongeza siku saba za mochari, na pia siku saba za kulisha watu wanaolala matangani. Wekeni tarehe kwanza, kisha mpige hesabu.

Kwa familia yetu, hesabu ilitoka hivi, kwa shilingi:

Salio la bili ya hospitali: 86,400
Mochari, siku 7 kwa 1,000, na 2,500 za kuhifadhi mwili: 9,500
Sanduku: 28,000
Gari la kubeba mwili, Nakuru hadi Malava: 32,000
Basi dogo la waombolezaji, kwenda na kurudi: 30,000
Kuchimba na kujengea kaburi: 9,000
Hema, viti na vipaza sauti: 14,000
Chakula: 38,000
Jumla: 246,900

Wengi huishia hapa na kuomba 246,900. Mimi nakataa, na hapa ndipo ombi lenye heshima linapotofautiana na lingine lolote. Kuna gharama ambazo mgeni wa mbali anaweza kuombwa bila aibu: deni lililobaki baada ya ugonjwa, mochari, safari ya mwisho ya marehemu. Chakula na hema ni ukarimu wa nyumba kwa wanaokuja kuomboleza. Ukimwomba mtu wa mbali pesa za sufuria, siku ya mazishi atahesabu nyama kwenye sahani za watu, na hatakuwa amekosea. Basi chakula, hema na kaburi vibebwe na nyumbani, ambako kijiji kina desturi yake: huyu analeta kuku, yule gunia la mahindi, vijana wanachimba kaburi, na kundi la akina mama linaleta masufuria na kuni.

Kwa hiyo tugawe. Nyumbani Malava wanabeba kaburi, hema na chakula, jumla 61,000. Watoto wa marehemu wamechanga wenyewe 60,000, ambazo zinalipa sanduku na gari la mwili bila kubakisha. Chama cha mama kimetoa 20,000, nazo zinaingia kwenye basi, linabaki pengo la 10,000. Kilichobaki ni hospitali 86,400, mochari 9,500 na hizo 10,000 za basi. Ombi la nje ni 105,900.

Tarakimu hii ina faida ambayo "zaidi ya laki mbili" haina. Kila shilingi yake ina jina, na anayesoma anaona kwamba familia imeingia mfukoni mwake kabla ya kubisha hodi kwake. Usizungushe 105,900 iwe 110,000 au 150,000. Tarakimu isiyozungushwa inaonyesha kwamba kuna karatasi nyuma yake.

Laini ya kupokea

Usitumie simu ya marehemu. Watu hufanya hivyo kwa sababu nambari yake inajulikana na jina lake ndilo litakalotokea mtu akituma, lakini pesa zilizo kwenye laini ya marehemu ni sehemu ya mali yake, na mweka hazina hana mamlaka ya kuzitoa hata kama anajua nambari ya siri.

Bora ni laini ya M-Pesa isiyo na shughuli nyingine, iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina. Ikiwa ni laini yake ya kila siku, taarifa ya M-Pesa itachanganya mchango na pesa za mboga, na siku ya kutoa hesabu hataweza kuionyesha bila kufichua maisha yake yote. Kabla ya kutangaza nambari, hakikisheni kwamba laini hiyo haina deni la Fuliza. Deni likiwepo, pesa ya kwanza inayoingia inakatwa yenyewe kulipa deni hilo. Mtoaji wa kwanza atakuwa amelipa deni la mweka hazina bila yeyote kukusudia, na maelezo yoyote yatasikika kama uongo. Ndiyo sababu nilisema mtu mwenye madeni mengi asipewe kazi hii.

Kumbuka pia mipaka ya M-Pesa: muamala mmoja hauwezi kuzidi 250,000, na laini ya mtu binafsi haiwezi kubeba zaidi ya 500,000. Kwa ombi la 105,900 mipaka hii haitawagusa. Kwa ombi kubwa zaidi, fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi wawili, au tumieni M-Changa, huduma ya Kenya ya kukusanya michango, mkijua kwamba nayo ina ada yake.

Kuna njia nyingine ambayo hutajwa mara chache, nayo ndiyo inayoondoa shaka kabisa: mtoaji kulipa hospitali moja kwa moja. Uliza kwenye ofisi ya malipo nambari ya Paybill ya hospitali na nambari ya akaunti itakayoandikwa, ambayo huwa ni ya mgonjwa au ya invoisi. Ziweke kwenye ombi kama chaguo la pili, na uwaombe wanaotumia njia hiyo wamtumie katibu ujumbe wa M-Pesa waliopata, ili mchango wao uhesabiwe. Bosi wa marehemu au kikundi cha kazini hupenda njia hii, kwa sababu risiti yao inatoka hospitalini.

Ombi lenyewe

Maneno yawe machache. Mtu anasoma akiwa kwenye matatu, au katikati ya kazi. Hivi ndivyo ningeliandika la familia yetu:

*TANZIA NA OMBI LA MCHANGO*

*Familia ya Mzee (jina kamili) wa (kijiji), Malava, na mtaa wa (jina), Nakuru, inatangaza kwa huzuni kifo cha baba yetu kilichotokea tarehe (…) alipokuwa akitibiwa mjini Nakuru. Alikuwa fundi seremala, mzee wa kanisa, mume wa mama yetu na baba wa watoto watano.*

*Atazikwa nyumbani kwake Malava Jumamosi tarehe (…). Mwili utatoka mochari Ijumaa saa mbili asubuhi.*

*Gharama zote ni shilingi 246,900. Watoto wametoa 60,000, chama cha mama 20,000, na nyumbani wanabeba chakula, hema na kaburi, 61,000. Tunaomba msaada wenu kwa 105,900 zilizobaki:*
*– salio la bili ya hospitali 86,400*
*– mochari 9,500*
*– sehemu ya basi la waombolezaji 10,000*

*M-Pesa: (nambari). Jina litakalotokea ni (jina kamili la mweka hazina), mpwa wa marehemu. Jina lingine likitokea, tafadhali usitume.*
*Au lipa hospitali moja kwa moja: Paybill (…), akaunti (…).*

*Tunahitaji kulipa hospitali Alhamisi asubuhi, kwa hiyo tutafunga mchango Jumatano saa tatu usiku. Hesabu itatolewa hapa kila jioni. Pesa zikizidi, zitaenda kwenye karo ya mdogo wetu aliye kidato cha tatu. Invoisi ya hospitali iko kwa katibu. Anayetaka kuiona amwombe.*

*Maswali: (jina na nambari ya msemaji).*
*Asanteni kwa kusimama nasi.*

Tazama siku ya mwisho. Mazishi ni Jumamosi, lakini pesa zinahitajika Alhamisi. Mara nyingi mochari haitoi mwili kabla bili haijalipwa au mpango wa kulipa haujakubaliwa, na pia itataka kibali cha mazishi. Gari linaondoka Ijumaa asubuhi ili baba alale nyumbani kwake usiku mmoja kabla ya kuzikwa. Ukiandika "kabla ya Jumamosi", watu watatuma Ijumaa usiku, na nyinyi mtakuwa mmesimama mlangoni pa mochari tangu asubuhi mkikopa.

Tazama pia kilichoachwa. Ugonjwa haukutajwa. Ni siri ya marehemu na ya mjane wake, na mchango haupungui kwa kutotajwa. Familia ikitaka kuutaja, ni uamuzi wao. Hakuna maneno ya "hatuna lolote, sisi ni maskini", kwa sababu marehemu alikuwa mtu mwenye kazi yake na jina lake, na watoto wake watakutana na wasomaji hawa maisha yao yote. Orodha ya gharama tayari inasema kwamba mzigo ni mzito.

Picha iwe ya marehemu akiwa mzima, amevaa vizuri, ikiwezekana ile watakayoiweka kwenye programu ya mazishi. Usiweke picha ya kitandani akiwa na mirija. Usiweke picha ya mwili. Usiweke watoto wadogo wakilia. Picha hizi husambaa, na miaka kumi baadaye mtoto huyo ataikuta simuni mwa mtu asiyemfahamu. Invoisi nayo isibandikwe hadharani, kwa maana ina nambari ya kitambulisho, na mara nyingi ina matibabu yote aliyopewa. Anayeuliza aonyeshwe faraghani, tena jumla tu, mengine yakiwa yamefunikwa.

Nambari iandikwe, isiwe kwenye picha peke yake

Matapeli wanaijua kazi hii. Huchukua bango la mazishi, hubadilisha nambari chini yake, kisha hulituma kwenye makundi ambayo familia haimo. Kwa sababu hiyo jina la mweka hazina limeandikwa ndani ya ombi pamoja na onyo. M-Pesa humwonyesha mtumaji jina la anayepokea kabla hajathibitisha, na mtu aliyesoma jina kwenye ombi ataona tofauti papo hapo. Mkigundua bango la uongo, msibishane kwenye makundi. Tumeni upya ombi la kweli, na mseme kwa sentensi moja kwamba nambari nyingine yoyote si ya familia.

Mweka hazina naye atapata simu yake: mtu anayedai ametuma elfu tano kimakosa, anaomba arudishiwe haraka, na kuna ujumbe unaofanana kabisa na wa M-Pesa. Asirudishe chochote kwa mkono. Aangalie salio kwanza. Kama kweli pesa ziliingia kimakosa, mtumaji anaweza kutuma ujumbe wake kwa 456 na Safaricom wakashughulikia urejeshaji.

Taarifa ya kila jioni

Hapa ndipo maombi mengi hufa. Watu waliotoa hunyamaziwa siku nne, na waliokuwa wakisubiri mshahara husahau. Katibu atume taarifa saa ileile kila jioni, yenye mistari minne tu: zilizoingia leo, jumla mpaka sasa, zilizotumika, zilizobaki kufikia lengo. Tarakimu zitoke kwenye taarifa ya M-Pesa ya laini ile, ambayo mweka hazina anaweza kuiomba kwa *334# au kwenye programu ya M-Pesa, na awatumie wenzake wawili kila usiku kabla tangazo halijatoka. Watu watatu wakiwa wameona karatasi moja, hakuna atakayedai kwamba mmoja wao alikula.

Kuna ubishi kuhusu orodha ya majina. Kwenye makundi mengi watu huinakili, huongeza jina lao na kiasi, kisha huirudisha. Orodha hiyo ina nguvu yake, kwa maana mtu akiona majirani wametoa naye hutoa. Lakini inamwaibisha mwenye hamsini, naye ndiye pengine aliyemuuguza marehemu miezi mitatu. Ushauri wangu ni majina bila viasi, na jumla moja chini. Anayetaka kuhakikisha kwamba pesa zake zimefika atamwandikia katibu, naye atampa herufi nne za mwisho za msimbo wa muamala wake wa M-Pesa na kiasi kilichopokelewa. Nambari za simu za watoaji zisionekane popote.

Jamaa walio nje ya nchi hutuma kupitia kampuni za kutuma pesa, na mara nyingi ujumbe huingia ukiwa na jina la kampuni badala ya la mtu. Waambiwe mapema wamjulishe katibu kiasi na siku, la sivyo mchango wao utakaa bila mwenyewe na wao wataumia kwamba hawakushukuriwa.

Sasa tuingie Jumanne jioni ya familia yetu. Ofisi ya ustawi wa jamii imejibu: 15,000 zimesamehewa kwenye bili. Salio limeshuka kutoka 86,400 hadi 71,400. Upande mwingine, mwili ulifika mochari siku moja mapema kuliko walivyohesabu, kwa hiyo mochari ni 10,500. Lengo jipya ni 71,400 na 10,500 na 10,000, yaani 91,900. Zilizokwisha kuingia ni 83,200.

Mtu fulani katika kamati atasema tunyamaze, ziingie zote, pesa za matanga hazijawahi kutosha. Asisikilizwe. Taarifa ya jioni hiyo iseme: "Hospitali imetusamehe 15,000, nasi tunawashukuru. Mochari imeongezeka 1,000. Lengo letu sasa ni 91,900, tumefika 83,200, zimebaki 8,700." Mwenye taarifa ya Jumatatu na ya Jumanne ataona kwamba tarakimu zinaweza pia kushuka, na hilo litamfanya aziamini zote zilizotangulia. Uongezekaji wa mochari nao utajwe, hata ukiwa mdogo, kwa sababu marehemu ana jamaa watakaolipa kaunta hiyohiyo mwezi ujao na wanajua bei.

Zilipoingia 8,700 za mwisho Jumatano mchana, tangazo lilitoka dakika hiyohiyo: "Lengo limefikiwa. Tafadhali msitume tena." Pesa zilizokuwa njiani ziliendelea kuingia mpaka jioni, zikafika 97,450.

Siku ya kulipa

Mweka hazina asitoe pesa taslimu. Alipe hospitali na mochari kwa Paybill zao, na mwenye basi kwa nambari yake, ili kila malipo yawe na ujumbe wake. Aende na mmoja wa wale wawili. Risiti ya hospitali ipigwe picha palepale kaunta, kabla karatasi haijalowa au kubaki kwenye gari. Gharama za kutuma nazo ni matumizi. Kwa familia yetu zilikuwa 330, na ziliandikwa.

Pesa taslimu zinazowekwa kwenye kikapu nyumbani Malava siku ya mkesha na ya mazishi ni hesabu nyingine kabisa. Watu wa nyumbani wazihesabu mbele ya waombolezaji, zitangazwe hapohapo, na zitumike kwa gharama za nyumbani. Zikichanganywa na za M-Pesa, hakuna atakayeweza kuzitenganisha tena.

Hesabu ya mwisho

Itoke ndani ya wiki moja baada ya mazishi, katika makundi yote ambayo ombi lilitumwa, hata yale ambayo mtu mmoja tu alitoa. Ya familia yetu ingesomeka hivi:

*Tulimzika baba Jumamosi kama ilivyopangwa. Asanteni.*
*Zilizoingia kwa M-Pesa: 97,450*
*Hospitali: 71,400*
*Mochari: 10,500*
*Basi: 10,000*
*Gharama za kutuma: 330*
*Jumla iliyotumika: 92,230*
*Zilizobaki: 5,220, zimelipwa shuleni kwa karo ya mdogo wetu kama tulivyosema.*
*Risiti ziko kwa katibu hadi mwisho wa mwaka.*

Kama kuna aliyelipa hospitali moja kwa moja, mstari wake uwe peke yake, usijumlishwe na za laini. Zilizobaki zisipelekwe mahali ambapo ombi halikutaja. Familia inaweza kuwa na hitaji kubwa kuliko karo, kwa mfano kodi ya nyumba ya mama huko Nakuru, lakini basi waulize kwenye kundi kwanza. Watu watakubali, ila waulizwe. Na ikiwa mchango haukufika lengo, hesabu itoke vilevile, ikitaja pengo lilizibwa na nani, iwe ni mkopo wa chama au ng'ombe aliyeuzwa, ili mtu aliyetaka kutoa akachelewa ajue bado kuna deni na anaweza kulisaidia.

Laini iachwe wazi mwezi mmoja zaidi kwa ajili ya waliopata habari kwa kuchelewa. Watakaotuma wajulishwe na katibu kwamba mchango ulifungwa, na waulizwe kama wanataka kurudishiwa au zimwendee mama. Baada ya hapo mweka hazina achukue taarifa kamili ya M-Pesa tangu siku ya kwanza, aikabidhi kwa mjane pamoja na risiti, mbele ya wale wawili.